Maziwa yaliyobaki baada ya mtoto kula: yakae muda gani kabla ya kumwagwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu maziwa ya kopo yaliyokwisha kuchanganywa na maji, pamoja na maziwa ya mama yaliyokamuliwa, pale yanapobaki kwenye chupa au kikombe baada ya mtoto kuacha kunywa. Majibu yamekusudiwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya njema. Mtoto njiti na mtoto mgonjwa wana jibu lao mbele kidogo.

Mtoto amekunywa nusu ya chupa akaacha. Kilichobaki kinaweza kukaa muda gani?

Ikiwa ni maziwa ya kopo, kilichobaki kimwagwe ndani ya saa moja tangu mtoto alipoanza kunywa. Ikiwa ni maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kilichobaki kinaweza kutumika ndani ya saa mbili baada ya mtoto kumaliza kunywa, kisha kimwagwe. Huu ndio mwongozo wa taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, na ndio ulio wazi zaidi katika jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007 ulioandaliwa pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, linataka maziwa ya unga yaliyochanganywa yamwagwe yasipokwisha ndani ya saa mbili. Miongozo hii miwili haipingani, kwa sababu ile saa mbili ni kikomo cha maziwa yaliyotayarishwa, na ile saa moja inaanza pale mdomo wa mtoto unapogusa chupa.

Tazama kwamba hesabu hazianzii mahali pamoja. Kwa maziwa ya kopo unahesabu tangu mtoto anapoanza, na kwa maziwa ya mama unahesabu tangu anapomaliza. Walezi wengi husikia "saa moja" na "saa mbili" bila kuambiwa zinaanzia wapi, na hapo ndipo makosa mengi hutokea.

Kwa nini maziwa ya kopo yapewe muda mfupi kuliko ya mama?

Mtoto anaponyonya chupa, mate yake hurudi ndani ya maziwa. Unaweza kuliona jambo hili kwa macho: kila anapopumzika kuvuta, mapovu madogo hupanda ndani ya chupa, na pamoja na hewa hiyo huingia mate yenye bakteria wa kinywani. Kwa kikombe hali ni hiyo hiyo, kwa kuwa maziwa hugusa midomo na mengine hurudi. Bakteria hao wengi hawana madhara wakiwa mdomoni kwa idadi ndogo, lakini maziwa ya uvuguvugu yana sukari, protini na maji, yaani kila wanachohitaji ili kuongezeka. Katika joto la chumba idadi yao hupanda kwa kasi, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo mwendo unavyozidi kuwa mkali, kwa sababu kila bakteria mmoja hugawanyika kuwa wawili na hao wawili kuwa wanne.

Maziwa ya mama yana ulinzi wake. Yana seli hai za kinga, kingamwili, na protini zinazowanyima bakteria madini ya chuma au kuvunja kuta zao. Ulinzi huo haukomi maziwa yanapotoka titini. Huendelea kufanya kazi kwa muda ndani ya chombo, ingawa hupungua kadiri maziwa yanavyokaa. Maziwa ya kopo hayana ulinzi wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, unga wenyewe hauko huru na vijidudu hata kopo likiwa jipya na limefungwa vizuri, kwa sababu kiwanda hakiwezi kuua kila kijidudu kwenye unga mkavu. Kijidudu kinachoogopwa zaidi ni kronobakta, ambacho huweza kuishi muda mrefu katika unga na huamka pindi kinapopata maji na uvuguvugu. Ugonjwa wake ni wa nadra, lakini ukimpata mtoto wa chini ya miezi miwili huweza kuingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo. Ndiyo maana maziwa ya kopo yanapata saa moja tu baada ya mate kuingia.

Na kama mtoto hakugusa chupa kabisa?

Hapo mate hayajaingia, na hesabu inabadilika. Maziwa ya kopo yaliyochanganywa na kuachwa mezani bila kuguswa yana muda wa saa mbili tangu yalipotayarishwa. Ukijua mapema kwamba mtoto hatakunywa, yaweke kwenye friji mara moja, sehemu ya nyuma na si mlangoni, na yatumike ndani ya saa 24. Maziwa ya mama yaliyotoka kukamuliwa, ambayo hayajaguswa na mtoto, yanaweza kukaa nje saa nne katika chumba chenye joto la nyuzi 25 au chini yake, na siku nne kwenye friji yenye nyuzi 4.

Naomba mfano wa hesabu hizi katika siku ya kawaida.

Tuchukue nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Mama amerudi kazini, mtoto ana miezi minne, na anayebaki naye ni dada wa kazi. Mama alikamua maziwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, akayaweka kwenye friji katika vikombe viwili vyenye mifuniko, kila kimoja mililita 90. Kopo la maziwa lipo kwa ajili ya mchana iwapo ya mama hayatatosha.

Saa tatu kamili asubuhi dada anatoa kikombe cha kwanza na kukiweka ndani ya bakuli la maji ya moto hadi maziwa yawe ya uvuguvugu. Mtoto anaanza kunywa saa tatu na dakika kumi, anamaliza saa tatu na nusu, na mililita 30 zinabaki. Hapa kuna hesabu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza inasema mabaki ya maziwa ya mama yana saa mbili baada ya mtoto kumaliza, yaani hadi saa tano na nusu. Ya pili inasema maziwa ya mama yakishapashwa joto baada ya kutoka kwenye friji yatumike ndani ya saa mbili, yaani hadi saa tano kamili. Kanuni ninayoishauri ni kufuata ile inayofika kwanza, kwa hiyo kikomo ni saa tano. Mtoto anaamka saa nne na dakika arobaini, anapewa zile mililita 30, kisha kikombe cha pili kinapashwa ikiwa bado ana njaa. Hakuna tone lililopotea.

Saa saba kamili mchana dada anachanganya mililita 120 za maziwa ya kopo. Mtoto anaanza kunywa saa saba na robo, anakunywa mililita 80, na saa saba na nusu amelala huku mililita 40 zikiwa bado chupani. Kikomo ni saa nane na robo. Si saa nane na nusu, kwa sababu hatuhesabu tangu alipolala. Wala si saa tisa, kwa sababu zile saa mbili za maziwa yaliyotayarishwa zilikuwa za chupa isiyoguswa. Mtoto anaamka saa nane na dakika ishirini na tano. Zimepita dakika kumi tu, na hapa ndipo mkono husita. Dada amwage, aioshe chupa, na atayarishe mengine.

Kinachosaidia katika nyumba kama hii ni kipande cha plasta ya karatasi kilichobandikwa kwenye chupa, kikiwa kimeandikwa saa ya mwisho na si saa ya kuanza. Dada akiona "nane na robo" hahitaji kukumbuka sheria yoyote wala kupiga hesabu mtoto akiwa analia. Pia haachiwi aamue peke yake kumwaga kitu ambacho anajua kimenunuliwa kwa bei kubwa. Mama anayeandika saa hiyo, au anayemwambia dada waziwazi kwamba kumwaga ni sawa na hataulizwa, anaondoa sababu kubwa inayofanya mabaki yarudishwe kwa mtoto kimyakimya.

Je, nikiyarudisha mabaki kwenye friji, si baridi itazuia bakteria?

Baridi hupunguza kasi ya bakteria lakini haiwaui. Chupa ya uvuguvugu inayoingizwa kwenye friji huchukua muda kupoa hadi katikati, na katika muda huo wote bakteria waliokwisha kuingia na mate wanaendelea kuongezeka. Ukiitoa na kuipasha tena, unawapa mzunguko wa pili wa joto. Kwa maziwa ya kopo yaliyokwisha kuguswa na mdomo, friji hairefushi muda hata kidogo, na jibu ni kumwaga.

Kwa mabaki ya maziwa ya mama, tafiti ni chache, na wataalamu wa unyonyeshaji hutaja kikomo cha saa moja hadi mbili baada ya mtoto kumaliza. Kuyaweka mahali pa baridi ndani ya muda huo si kosa, hasa mchana wa joto, mradi usiuhesabu kama muda mpya. Kikombe kilichobaki saa tatu na nusu hakigeuki kuwa kikombe cha jioni kwa sababu kilipita kwenye friji.

Nikiyachemsha upya, au nikiyatia kwenye uji wa mtoto mkubwa?

Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini baadhi yao huacha sumu ndani ya chakula kabla ya kufa, na zipo sumu zisizoharibiwa na moto wa jikoni. Stafilokoka, bakteria wa kawaida wa ngozini na puani, ni mmoja wa wanaoacha sumu ya namna hiyo. Kwa hiyo kuchemsha hakuyarudishi maziwa yaliyopitwa na muda katika hali yake ya kwanza. Kwa maziwa ya mama kuna hasara nyingine, kwani moto mkali huharibu zile kinga zilizotufanya tuyakamue.

Kuhusu uji, ikiwa muda haujaisha na uji unaliwa hapo hapo na yule yule aliyeanza kikombe, hakuna tatizo. Muda ukiisha, sufuria ya uji si mahali pa kuyaokoa maziwa.

Yananukia vizuri na hayajakatika. Si ishara kwamba ni salama?

Hapana, na ningependa swali hili lisomwe polepole. Pua na ulimi hutambua maziwa yaliyochacha, yaani yale ambayo bakteria wanaotengeneza asidi wameyala vya kutosha mpaka ladha imebadilika. Bakteria wanaomwangusha mtoto mara nyingi hawabadilishi harufu wala rangi katika saa chache za mwanzo. Maziwa yenye harufu mbaya hakika yamwagwe, lakini maziwa yenye harufu nzuri bado yanahitaji kuhesabiwa saa.

Upande wa pili, maziwa ya mama huonyesha mabadiliko yanayotisha bila sababu. Yakikaa hutengana, mafuta yakapanda juu na sehemu nyepesi, wakati mwingine yenye ubuluu, ikabaki chini. Ukiyatikisa polepole hurudi kuwa kitu kimoja. Mengine hutoa harufu kama ya sabuni baada ya kukaa kwenye baridi, kwa sababu kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta. Hayo hayajaharibika, ingawa watoto wengine huyakataa kwa ladha. Maziwa yaliyoharibika kweli huwa na ukali wa uchachu unaoutambua papo hapo, na yakitikiswa hubaki na mabonge.

Nyumba yetu ya mabati hufika nyuzi 31 mchana. Saa hizi zinatufaa?

Saa nne za maziwa ya mama yasiyoguswa zimewekwa kwa chumba cha nyuzi 25 au chini yake. Chumba hicho utakipata Njombe, Limuru au Bukavu kwa siku nyingi za mwaka, lakini Mombasa, Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari huwezi kukitarajia bila kiyoyozi. Madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, waliona kwamba hata kati ya nyuzi 27 na 32 saa nne zinaweza kuwa kikomo cha kuridhisha. Mimi nazichukulia hizo saa nne kama ukuta wa mwisho kabisa katika joto hilo, na ningemshauri mama asiukaribie ukuta huo ikiwa ana namna yoyote ya kupoza.

Namna hizo zipo hata pasipo friji. Funika kikombe, kiweke ndani ya bakuli la maji baridi mahali penye kivuli na upepo, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua, na ubadilishe maji yanapopata joto. Mkoba wa kupozea wenye vipande vya barafu vilivyogandishwa vizuri huyahifadhi maziwa ya mama kwa muda usiozidi saa 24, mradi barafu iguse chombo chenyewe na mkoba usifunguliwe ovyo.

Kwa mabaki ya maziwa ya kopo, saa moja haipungui rasmi kwa sababu ya joto, lakini chupa iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani, au kwenye pochi mgongoni mwa abiria wa bodaboda, haistahili kupewa hata hiyo saa moja. Imwagwe mtoto anapoacha kunywa.

Umeme umekatika na friji imezimika. Nifanye nini na yale ambayo hayajaguswa?

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hubaki na ubaridi kwa takribani saa nne. Umeme usiporudi ndani ya muda huo, maziwa ya kopo yaliyochanganywa yamwagwe, na maziwa ya mama yahamishiwe kwenye mkoba wa barafu au yatumike kwanza kabla ya mengine. Maziwa ya mama yaliyokuwa kwenye friza yakiwa bado na chembe za barafu ndani yake yanaweza kugandishwa tena umeme ukirudi. Yakiwa yameyeyuka kabisa hayagandishwi tena, yanahamia kwenye friji na kutumika ndani ya saa 24 tangu barafu ya mwisho ilipoisha.

Maziwa ya mama yaliyogandishwa, yakiyeyushwa na kubaki baada ya mtoto kunywa, yana muda ule ule?

Kikomo cha juu ni kile kile cha saa mbili, lakini hapa ningebana muda kidogo. Kugandisha na kuyeyusha hupunguza kinga zilizomo, na maziwa yaliyoyeyushwa yakiwa kwenye joto la chumba hupewa saa moja hadi mbili tu hata kabla hayajaguswa. Kwa hiyo ikiwa yalikaa mezani dakika arobaini kabla ya mtoto kuanza, usimhesabie saa mbili nyingine kamili baada ya kumaliza.

Nimechanganya maziwa ya mama na ya kopo katika chupa moja. Nifuate hesabu ipi?

Fuata ya maziwa ya kopo, yaani saa moja tangu kuanza kunywa. Kinga ya maziwa ya mama haitoshi kuulinda mchanganyiko wote. Ndiyo maana ni afadhali kumpa mtoto maziwa ya mama kwanza peke yake, kisha ya kopo katika chombo kingine, ili kikibaki kitu kiwe ni kile cha kopo na si kile kilichokamuliwa kwa nusu saa. Na usichanganye kamwe unga wa kopo kwa kutumia maziwa ya mama badala ya maji. Vipimo vya kopo vimepangwa kwa maji, na mchanganyiko huo humlemea mtoto kwa chumvi na protini.

Usiku huwa naweka maziwa yaliyochanganywa kwenye chupa ya chai ili yabaki na joto. Je, ni sawa?

Hili ndilo jambo ambalo ningeomba liachwe hata kama mengine yote yatasahaulika. Chupa ya chai huyashika maziwa katika joto la uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio hali ambayo bakteria hukua kwa kasi kubwa kuliko zote. Maziwa ya saa tatu usiku yanayomiminwa saa tisa usiku yamekaa saa sita mahali pa kuzalishia vijidudu, na yanaonekana mazuri kabisa.

Chupa ya chai ina kazi nyingine nzuri: ibebe maji tu. Chemsha maji, yajaze kwenye chupa safi ukiwa unaelekea kulala, na funga vizuri. Pima unga mkavu mapema katika vikasha visafi vyenye mifuniko, kila kimoja kwa mlo mmoja. Mtoto akiamka, mimina maji kwanza kwa kipimo, tia unga, tikisa, kisha ipoze chupa kwa kuishikilia chini ya bomba au ndani ya bakuli la maji baridi, na udondoshee tone ndani ya kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa. Maji yawe na nyuzi zisizopungua 70 yanapokutana na unga, kwa kuwa ndiyo yanayoua vijidudu vilivyomo humo. Maji ya birika yaliyochemka hushika joto hilo kwa karibu nusu saa. Chupa ya chai nzuri, iliyojazwa hadi juu, huyashika kwa muda mrefu zaidi, lakini ile iliyochoka ambayo ukiigusa nje ina joto haiwezi kazi hii.

Kopo ni ghali na tunamwaga kila siku. Tupunguzeje hasara?

Anza kwa kutazama kinachobaki kwa siku tatu au nne. Ikiwa mtoto huacha karibu mililita 30 hadi 40 kila mara, basi chupa inatayarishwa kubwa kuliko tumbo lake. Mtoto anayetayarishiwa 120 na kunywa 80 atayarishiwe 90. Akizimaliza na bado anatafuta, mchanganyie 30 nyingine. Hii huleta kazi ya ziada kwa mara chache, lakini mabaki hushuka mara moja. Kwa makopo mengi kijiko kimoja cha kupimia huenda na mililita 30 za maji, lakini yapo yenye kijiko cha mililita 60, kwa hiyo soma kopo lako kabla ya kugawanya mlo. Tumia kijiko kilichotoka na kopo hilo hilo, bila kukijaza kichuguu wala kukipunguza. Kuongeza maji ili kopo lidumu humnyima mtoto chakula, na madhara yake huonekana kwenye kadi ya kliniki ndani ya wiki chache.

Usijazie maziwa mapya juu ya mabaki. Anayefanya hivyo huona kwamba anaokoa mililita 40, kumbe anazichafua 80 mpya, na saa inaendelea kuhesabiwa tangu mtoto alipoanza yale ya zamani.

Kwa maziwa ya mama, hifadhi katika vyombo vidogo vya mililita 60 hadi 90, na viwili vya mililita 30 kwa ajili ya kuongezea. Nimeona akina mama wakijaza mfuko mzima wa mililita 200 kwa sababu titi lilikuwa limejaa, kisha nusu yake ikamwagwa siku ya kuyeyushwa. Tenganisha wakati wa kukamua. Jambo la mwisho ni kumsoma mtoto. Akigeuza uso, akifumba midomo au akilegeza vidole vyake vilivyokuwa vimekunjwa, ameshiba. Kumsukumia chupa ili kisibaki kitu humfanya acheue, na kikitoka hakihesabiwi kuwa kimeokolewa.

Mwanangu ni njiti, au bado hajatimiza miezi miwili. Kuna tofauti?

Ipo. Watoto njiti, waliozaliwa na uzito mdogo, wa chini ya miezi miwili, au wenye kinga dhaifu ndio wanaougua sana kwa vijidudu vya maziwa yaliyokaa. Kwao mimi nisingehifadhi mabaki ya aina yoyote: mlo ukiisha, kilichobaki kimwagwe. Ikiwa wodi iliyowalea imekupa maelekezo yake, fuata hayo, hata kama ni makali kuliko yaliyoandikwa hapa.

Nimegundua kwamba mtoto amepewa mabaki yaliyopitwa na muda. Nifanye nini sasa?

Usimlazimishe kutapika, na usimpe dawa yoyote ya kuharisha wala kiuavijasumu kilichobaki nyumbani. Mwaga kilichosalia, kumbuka saa aliyokunywa, na uendelee kumnyonyesha au kumpa maziwa mapya kama kawaida. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Mtazame kwa karibu siku hiyo na siku mbili tatu zinazofuata.

Akiharisha au kutapika mara moja moja lakini anaendelea kunyonya na kukojoa, mwongezee kunyonya na umpeleke kituo cha afya kwa ushauri. Nenda haraka bila kusubiri asubuhi akikataa kunyonya, akitapika kila anachopewa, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kukojoa kwa saa nyingi, au utosi wake ukidumbukia au ukivimba. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili uliopoa isivyo kawaida, linatosha peke yake kuwa sababu ya kwenda. Ukifika, mwambie mhudumu kwamba mtoto anakunywa maziwa ya unga, na kama inawezekana beba kopo lenyewe, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapwa chini yake inaweza kuhitajika.